Alama Ikifika Mstari wa Pili

Karatasi ya patografu huja ikiwa na mistari miwili iliyochapwa tayari, kabla mama hajafika hospitalini. Yote miwili inapanda kuelekea kulia kwa mteremko mmoja, na katikati yao pana nafasi ya saa nne. Wa kushoto ni mstari wa tahadhari. Wa kulia ni mstari wa hatua. Mengine yote hujazwa na mkunga kwa kalamu usiku kucha: mapigo ya moyo wa mtoto, rangi ya maji ya chupa, njia ilivyofunguka, kichwa kilivyoshuka, mapigo na presha ya mama.

Ndugu waliokaa kwenye benchi nje ya leba wakisikia kwamba mgonjwa wao "amevuka mstari", wengi huelewa kuwa anapelekwa kupasuliwa. Wapo hata wahudumu wanaoelewa hivyo. Lakini mstari wa hatua hauagizi upasuaji. Unachosema ni kwamba muda wa kungoja umekwisha, na sasa lazima ijulikane kwa nini uchungu umechelewa. Sababu hiyo ndiyo inayoamua kama mama atapasuliwa chupa, atawekewa dripu au atapelekwa chumba cha upasuaji. Na sababu haionekani kwenye mstari wenyewe. Inasomwa juu na chini yake, kwenye alama ndogo ambazo jicho la haraka huziruka.

Mistari hii ni mtoto wa Afrika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji ambao leo tunauita Harare, walichapisha utafiti wao juu ya wanawake waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza. Tatizo lao lilikuwa lile lile analolijua mkunga wa Kigoma au wa Turkana: wakunga wachache, vituo vya pembezoni visivyo na daktari, hospitali kubwa moja iliyo mbali, na wanawake wanaofikishwa huko wakati mtoto ameshakufa. Walichotafuta ni njia ya kumjulisha mkunga mapema kwamba huyu asubiriwe na huyu asafirishwe. Wakawaangalia wanawake ambao njia zao zilifunguka polepole kuliko wenzao, ile sehemu ya kumi ya mwisho, wakaona hata hao walisonga kwa wastani wa sentimita 1 kwa saa. Huo ukawa mstari wa tahadhari. Kisha wakaongeza saa nne, muda wa kumsafirisha mama na kumkagua upya, wakachora mstari wa hatua.

Shirika la Afya Duniani liliichukua karatasi hiyo, likairekebisha na kuijaribu katika Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484. Matokeo yalitoka mwaka 1994: uchungu uliozidi saa 18 ulishuka kutoka wanawake 6.4 katika kila 100 hadi 3.4, na upasuaji wa dharura nao ukapungua. Jambo hilo la pili lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, kwa sababu mtu angetarajia kwamba mstari wa kuonya ungeongeza visu. Ulivipunguza kwa sababu uliwazuia madaktari kuingilia mapema mno.

Tuchukue mfano wa wanawake wawili katika hospitali moja ya wilaya, usiku mmoja. Wote wana mimba ya kwanza iliyotimiza miezi yake, wote wamepokelewa saa 2 usiku, na kila mmoja njia yake imefunguka sentimita 4. Mmoja amelazwa kitanda cha dirishani, mwingine kitanda cha mlangoni.

Mkunga anaanza kwa kuweka alama ya X kwenye sentimita 4, juu kabisa ya mstari wa tahadhari, na chini yake anaandika saa. Hapo ndipo karatasi inapowashwa. Kuanzia hapo, kama kila mmoja atasonga sentimita 1 kwa saa, alama zake zitapanda juu ya mstari wa tahadhari na saa 8 usiku atakuwa amefika 10, yaani njia imefunguka yote.

Kupima njia kwa vidole hufanyika kila baada ya saa nne, ili kuepuka kuingiza maambukizi bila sababu. Saa 6 usiku mkunga anawapima wote wawili. Mstari wa tahadhari unataka sentimita 8. Kila mmoja ana 6. Alama mbili za X zimeangukia kulia kwa mstari wa tahadhari, na daktari wa zamu anajulishwa. Kwa kuwa wako hospitali yenye chumba cha upasuaji, wanaendelea kuangaliwa na vipimo vinavutwa karibu zaidi. Saa 8 usiku wanapimwa tena. Dirishani, sentimita 6. Mlangoni, sentimita 6. Ukihesabu miraba, sita ya njia katika saa ya sita tangu kuanza, X zote mbili zimekaa juu ya mstari wa hatua bila kupishana hata kidogo.

Kwa mstari peke yake, wanawake hawa hawana tofauti. Sasa daktari ameshafika na taa yake, na mkunga anamsomea karatasi.

Kwanza mkazo. Mkunga huweka kiganja tumboni kwa dakika 10, akahesabu mfuko wa uzazi unakaza mara ngapi na kila mkazo unadumu sekunde ngapi. Kila mkazo hujaziwa mraba mmoja: vitone ukiwa chini ya sekunde 20, mistari ya mshazari ukiwa kati ya 20 na 40, na mraba mweusi wote ukizidi 40. Mama wa dirishani ana miraba mitano, yote myeusi. Mama wa mlangoni ana miwili, yenye vitone, ilhali saa 2 usiku alikuwa na mitatu yenye mishazari. Uchungu wake umefifia.

Pili kichwa. Hiki hupimwa tumboni, kwa vidole vilivyowekwa juu ya mfupa wa kinena, na kinaandikwa kwa sehemu za tano. Kichwa ambacho chote bado kiko juu ni 5/5, na kilichozama chote ni 0/5. Mama wa mlangoni alianza na 4/5, sasa ni 2/5: kichwa kinashuka, ingawa polepole. Mama wa dirishani alianza na 4/5, akafika 3/5 saa 6 usiku, na saa 8 bado ni 3/5. Mikazo mitano mikali kila dakika 10 haijakisogeza.

Tatu ni fuvu, na hapa ningependa msomaji atulie, kwa sababu alama hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo yenye habari nzito. Mifupa ya kichwa cha mtoto bado haijaungana. Katika njia nyembamba mifupa hiyo husogeleana, kisha hupandana, ili kichwa kipungue upana. Mkunga anapopima njia hupitisha ncha ya kidole kwenye mishono ya fuvu. Mifupa ikiwa imeachana, anaandika sifuri. Ikigusana, alama moja ya kujumlisha. Ikiwa imepandana lakini kidole kinaweza kuirudisha, alama mbili. Ikiwa imepandana na haisogei, alama tatu. Mlangoni kumeandikwa sifuri. Dirishani mlolongo ni sifuri, mbili, tatu. Kichwa cha mtoto huyo kimebanwa hadi kikomo chake, na bado kiko juu.

Mambo mengine yanaunga mkono hilo. Mtoto wa dirishani mapigo yake ya moyo, yaliyokuwa 140 kwa dakika, sasa ni 168, na maji ya chupa yaliyokuwa safi yamegeuka kijani kwa kinyesi chake cha kwanza. Mapigo ya mama mwenyewe yamepanda hadi 112. Mtoto wa mlangoni yuko kwenye 136, na chupa yake haijapasuka.

"Huyu wa dirishani tunamwandaa kwa upasuaji sasa hivi," daktari anasema. "Na dripu ya uchungu asiwekewe kabisa, Sista."

Agizo la pili ni zito kama la kwanza. Njia imeziba. Kuongeza nguvu ya kusukuma mahali palipoziba ni kumbana mtoto zaidi, na kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa au mwenye kovu la upasuaji wa zamani, ni njia ya kuupasua mfuko wa uzazi. Ndiyo maana mzazi wa mara ya tatu au ya nne akifika kwenye mstari wa hatua huku mikazo yake ni mizuri, daktari mzoefu hufikiria kizuizi kwanza. Mwili uliokwisha kupitisha watoto hauchoki ovyo. Ukikwama, mara nyingi pana kitu: mtoto mkubwa, uso au bega limetangulia, kichwa kimekaa vibaya.

Mama wa mlangoni anapewa njia nyingine. Tatizo lake ni nguvu, na nguvu inaweza kuongezwa. Anasaidiwa kukojoa, kwa maana kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka, na anapewa kinywaji. Chupa inapasuliwa, maji yanatoka safi. Kisha inawekwa dripu ya oksitosini, uniti 2.5 ndani ya nusu lita ya maji ya dripu, ikianza na matone 10 kwa dakika na kuongezwa matone 10 kila nusu saa mpaka mikazo ifike mitatu kwa dakika 10, kila mmoja ukizidi sekunde 40. Ikifika hapo dripu haiongezwi tena. Mkunga habanduki karibu naye, kwa sababu mikazo ikizidi mitano au mapigo ya mtoto yakiharibika, dripu inafungwa. Saa 11 alfajiri njia yake iko sentimita 8 na kichwa 1/5. Anajifungua kukiwa kumekucha. Kama baada ya mikazo mizuri ya saa mbili njia isingesogea, naye angepelekwa kupasuliwa, na hapo hakuna ambaye angesema ameharakishwa.

Nimesema tuchukue mfano, lakini wakunga wataitambua karatasi ya dirishani mara moja, kwa sababu wanajua ikiachwa inaishia wapi. Kichwa kilichokwama hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa kinena kwa saa nyingi, damu haipiti, nyama inakufa. Siku chache baadaye panatoboka, na mkojo unaanza kutoka wenyewe. Hiyo ndiyo fistula. Wanawake wanaotibiwa tatizo hilo katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam na kwingineko wengi wao walikaa na uchungu uliokwama, mara nyingi na mtoto akapotea pia.

Mfano wetu ulikuwa hospitali ya wilaya. Kwenye zahanati mambo hubadilika kabisa, na hapa ndipo wengi wanapokosea kusoma. Mahali pasipo na chumba cha upasuaji, mstari wa kuamulia ni ule wa kwanza. X ikiangukia kulia kwa mstari wa tahadhari, na kuzaa bado hakujakaribia, gari liitwe. Zile saa nne zilizoachwa katikati ni saa za safari: kumpata dereva, kuvuka mto uliojaa, kufika, kusajiliwa, kukaguliwa upya, kuandaa chumba cha upasuaji. Mkunga wa zahanati akizitumia kungoja "tuone kidogo", amezila saa ambazo hazikuwa zake. Mstari wa hatua haupaswi kumkuta mama akiwa bado zahanati. Na anapoondoka, karatasi iondoke naye. Pale anapopokelewa, patografu yenye alama za saa nane inamweleza daktari kwa dakika moja mambo ambayo mama mwenyewe, kwa uchungu alionao, hawezi kuyasimulia.

Yapo pia mambo ambayo hayangoji mstari wowote. Mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110 yakabaki huko, au yakapanda juu ya 160 bila kurudi, maji yakitoka mazito ya kijani, au mama akivuja damu nyingi, hatua huchukuliwa hata kama X imekaa kushoto kabisa mwa mstari wa tahadhari. Nimesikia ikisemwa kuwa mama "bado hajavuka", kana kwamba alama ya njia ndiyo pekee yenye ruhusa ya kupiga kengele. Moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa kwa sababu una haki yake ya kuamua.

Karatasi nayo huweza kudanganya. Uongo wa kawaida kabisa ni kuianza mapema. Mwanamke amefika na maumivu ya mwanzo, njia sentimita 3, mikazo miwili hafifu. Akiwekwa kwenye patografu hapo, mstari wa tahadhari unaanza kukimbia huku mwili wake haujaanza kazi. Saa nane baadaye anaonekana amevuka yote miwili, na pengine anapasuliwa kwa kosa la kalamu. Uongo mwingine unatokana na vidole: sentimita 6 za mkunga wa jioni zinaweza kuwa 5 za mkunga wa usiku, na ghafla njia inaonekana imerudi nyuma. Ndiyo maana inafaa mama apimwe na mtu yule yule inapowezekana.

Uongo wa tatu ni wa kuhuzunisha zaidi. Mkunga mmoja ana wazazi sita, hana muda wa kuandika, na asubuhi baada ya watoto wote kuzaliwa anakaa kujaza karatasi ili faili zikamilike. Tafiti nyingi katika nchi zetu zimekuta karatasi za namna hiyo, na mtu aliyezoea huzijua haraka. X zinapanda kwa unyoofu, sentimita 1 kila saa. Moyo wa mtoto ni 140, 140, 140 usiku mzima, wakati moyo wa kweli hucheza 132, 144, 138. Wino ni mmoja, mwandiko haukuchoka popote. Karatasi kama hiyo haikumwonya mtu yeyote, maana haikuwepo wakati ilipohitajika. Simlaumu mkunga huyo kwa urahisi. Patografu inamtaka amsikilize kila mtoto kila nusu saa, na mtu mmoja hawezi kufanya hivyo kwa wazazi sita huku mmoja wao anasukuma.

Hata mistari yenyewe imetiliwa shaka, na kwa haki. Watafiti wa Liverpool waliwahi kuusogeza mstari wa hatua ukawa saa mbili tu baada ya tahadhari. Wanawake wengi zaidi wakauvuka na kuingiliwa, lakini upasuaji haukupungua. Baadaye wanawake waliofuatiliwa Nigeria na Uganda walionyesha kwamba wengi husonga chini ya sentimita 1 kwa saa, hasa kabla ya sentimita 5, na bado huzaa salama wao na watoto wao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba sentimita 1 kwa saa isitumike kama kipimo cha kila mwanamke. Mwaka 2020 likatoa karatasi mpya, Mwongozo wa Huduma wakati wa Uchungu, isiyo na mistari miwili. Badala yake kila sentimita imepewa kikomo chake cha muda: saa 6 kwenye sentimita 5, saa 5 kwenye 6, saa 3 kwenye 7, saa 2 na nusu kwenye 8, saa 2 kwenye 9. Kando ya kila kipimo imechapwa safu ya viwango vya hatari, na mkunga anazungushia duara chochote kinachovigusa, kisha anaandika amefanya nini.

Wapeleke wanawake wetu wawili kwenye karatasi hiyo. Wote walifika sentimita 6 saa 6 usiku, hivyo kwa muda peke yake wangeruhusiwa kungoja mpaka saa 11 alfajiri. Mama wa mlangoni angezungushiwa duara kwa mikazo yake miwili mifupi, na pengine angeangaliwa, akatembezwa na kunyweshwa kabla dripu haijafikiriwa. Mama wa dirishani saa 8 usiku angekuwa na maduara kwenye fuvu lenye alama tatu na kwenye moyo wa mtoto wa 168, huku maji ya kijani na hiyo mikazo mikali isiyokishusha kichwa vikiandikwa kwenye nafasi ya tathmini. Kikomo chake cha muda kingekuwa bado saa tatu mbele, na daktari angeitwa saa ile ile 8.